Mama ameniusia nimwoshe mimi, nami naogopa

*Asalaam alaykum Bi Mkubwa. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chang'ombe hapa Dodoma. Mama yangu ana miaka 71 na anaumwa, figo zimechoka. Yeye ni Mgogo wa Mvumi, alisilimu alipoolewa na marehemu baba, Mrangi wa Kondoa. Wiki iliyopita alinishika mkono akasema, "Nikifa, usiwaachie watu wanioshe. Unioshe wewe." Nikaitikia, lakini sijawahi hata kuona maiti inavyooshwa. Naogopa nitazimia. Tena, siku hiyo ikinikuta niko kwenye siku zangu, je? Kaka yangu yuko Mwanza na ameshasema tusithubutu kuzika kabla hajafika. Na mjomba, mzee wa kanisa kule Mvumi, anasema dada yake hawezi kufukiwa asubuhi kwa asubuhi kama mtu asiye na ndugu, lazima alale nyumbani walau usiku mmoja ndani ya sanduku la heshima, watu wamuage. Nifanye nini?*

*Binti wa Chang'ombe*

Waalaykumu salaam mwanangu.

Siku zako zisikutie hofu. Mwanamke aliye kwenye hedhi haswali, kwa hiyo swala ya maiti itakupita, lakini kuosha kunajuzu na mama ataoshwa sawasawa. Wapo wanazuoni wa zamani waliopenda aoshe aliye tohara akipatikana, ila hakuna aliyesema uoshaji wako utabatilika. Na wasia wake si jambo geni. Sayidina Abubakar aliusia aoshwe na mkewe Asmaa binti Umais, na ndiye aliyemwosha. Kwa maiti ya kike, jamaa zake wa kike ndio wenye haki ya mbele, na binti yuko mwanzoni kabisa mwa mstari huo.

Hofu ya kuzimia naijua. Mara yangu ya kwanza, Kondoa mwaka 1994, nilipewa kazi ya kumimina maji tu, na mkono ulitetemeka mpaka nikammwagia mwoshaji kifuani. Yule mama hakunigombeza. Alisema, "Mimina kwenye mkono wangu, usimwangalie yeye." Hadi leo ndivyo ninavyowaambia wanaoanza. Huko ndani hutakuwa peke yako, na kazi yenyewe ni ya mikono, hatua baada ya hatua, mwili ukiwa umefunikwa. Wanaozimia wengi ni wale wanaosimama mlangoni bila kazi.

Kabla ya yote, mtafute sasa hivi mama anayeosha katika msikiti wenu. Kila mtaa wenye Waislamu hapa Dodoma unaye mmoja au wawili. Mwombe akuchukue siku atakayoitwa, ukamsaidie kushika shuka. Ukishaona mara moja, siku ya mama yako utakuwa na jambo moja tu la kubeba, nalo ni huzuni, bila ugeni wa kazi kuongezeka juu yake.

Sasa nikueleze inavyokwenda, nikimfikiria mama yako hasa.

Saa ya kwanza ina kazi zake. Mfumbe macho, Mtume alimfumba macho Abu Salama akasema roho inapotoka macho huifuata. Mfunge kidevu kwa kitambaa laini kinachopita juu ya kichwa, la sivyo mdomo utabaki wazi. Mkunje na kumkunjua viungo taratibu, mikono na miguu, kwa sababu baada ya saa mbili tatu mwili huanza kukakamaa, na kwa joto letu la mwezi wa kumi hukakamaa mapema zaidi. Mvue nguo za kubana, umfunike shuka nyepesi. Kama atafia hospitali, mwombeni nesi atoe sindano ya mkononi na mpira wa mkojo hapo hapo, akandamize na kufunga vizuri mahali sindano ilipotoka, kwani tundu hilo huvuja damu wakati wa kuosha na kuchafua sanda. Waambieni pia mapema kwamba mnakwenda kuzika, asichomwe dawa ya kuhifadhi mwili.

Chumba cha kuoshea kiwe cha faragha, au uzungushie kanga uani. Ndani wanatosha watu wanne: mwoshaji, mmiminaji, na wawili wa kumgeuza na kushika shuka. Jirani anayetaka "kuona tu" abaki nje. Kuna hadithi inayosema anayemwosha Mwislamu akamsitiri aliyoyaona, Mwenyezi Mungu humsamehe mara arobaini. Kwa hiyo ukiona kidonda, au uso umebadilika rangi, hayo yanaishia humo humo ndani. Hii ndiyo maana nashuku mama yako amekuchagua wewe. Wagonjwa wa muda mrefu wanajua miili yao imekuwaje, na hawataki isimuliwe kisimani.

Mnamlaza kwenye kitanda cha kuoshea, upande wa kichwa umeinuka kidogo ili maji yateremkie miguuni, na chini kuna kishimo cha kuyapokea, watu wa pwani wanakiita ufuo. Kwa nyumba ya sakafu, beseni kubwa linatosha. Tayarisheni ndoo tano za lita ishirini mapema. Mjini kwetu maji hukatika bila taarifa, na hakuna fedheha kama kumwacha maiti ana povu mwilini huku mtoto anakimbizwa kwa jirani kuomba ndoo. Maji yawe baridi, maana ya baridi huukaza mwili na ya moto huulegeza. Ya uvuguvugu ni kwa uchafu uliogandamana au mwili uliotoka kwenye friji.

Ndoo moja ni ya mkunazi. Huku kwetu hakuna shida ya mkunazi, umejaa kando ya mashamba na watoto wanaokota kunazi zake. Chukua majani mabichi ya kujaza mikono miwili, yaponde kwenye kinu au yafikiche ndani ya maji mpaka yatoe povu. Ni sabuni ya asili, inaondoa mafuta na haichubui ngozi ya mgonjwa, ambayo mara nyingi imekuwa nyembamba kama karatasi. Ukiukosa, sabuni ya kawaida inafaa.

Kuanzia kitovuni hadi magotini hapafunuliwi hata mara moja. Nguo za ndani zinavuliwa chini ya shuka, na mkono unaosafisha sehemu za siri unavishwa kifuko cha kitambaa. Mmoja wenu anamwinua mabega nusu kukaa, mwoshaji anapitisha mkono wa kushoto tumboni kwa kubonyeza kidogo, ili kilichokuwa karibu kutoka kitoke sasa kuliko kutoka ndani ya sanda. Wakati huo ndio udi au ubani unafukizwa na maji yanamiminwa kwa wingi, harufu isiwatie unyonge. Kubonyeza ni kwa upole, mwanangu. Mtume amesema kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Kidole kilichokakamaa hakilazimishwi. Unakimwagia maji ya uvuguvugu na kukisugua taratibu mpaka kilegee.

Kifuko kile kinatupwa, unavaa kipya. Unapitisha kitambaa chenye unyevu kwenye meno na tundu za pua bila kumwaga maji ndani, kisha unamtawadhisha kama anavyotawadha kwenda kuswali. Hapa wengi ndipo hulia, maana ni mikono ile ile waliyoiona ikitawadha miaka yote. Lia tu. Mtume alitokwa machozi kwa mwanawe Ibrahimu. Kinachokatazwa ni kupiga mayowe na kujirarua.

Utaratibu wa kuosha mwili wenyewe tumeupata kwa mwanamke, na aliyeoshwa alikuwa mwanamke. Binti yake Mtume, Zainabu, alipofariki, Umm Atiyya na wenzake walipokuwa wakimwosha Mtume aliwaambia: mwosheni mara tatu, au tano, au zaidi mkiona inafaa, kwa maji na mkunazi, na ya mwisho mtieni kafuri, na muanze na upande wa kulia na viungo vya udhu. Ukishika maneno hayo umeshika kazi yote. Kichwa kwanza, kwa maji ya mkunazi, na nywele zichanwe kwa chanuo la meno mapana. Zitakazong'oka zikusanywe, zitazikwa naye. Halafu upande wa kulia mbele, kuanzia shingoni hadi unyayoni, kisha wa kushoto. Halafu anageuzwa alalie ubavu wa kushoto, mnamwosha mgongo upande wa kulia, kisha kinyume chake. Kifudifudi halazwi. Mkimaliza mkunazi mnamsuuza kwa maji matupu mpaka povu liishe, na mwisho maji safi yaliyotiwa kafuri kidogo. Kwa mwendo wetu wa Kishafi, kinachohesabiwa ni yale maji safi yanayoenea mwili mzima. Mkunazi ni wa kuondoa uchafu. Mkiona bado, ongezeni, ila mkomee kwenye witiri: tatu, tano, saba.

Kafuri nayo ina kazi. Inafukuza wadudu, inakaza ngozi na kutuliza harufu, ndiyo maana inawekwa mwisho. Nimeona watu wakiitia kwenye ndoo ya kwanza halafu wakaisuuza yote. Nunua vidonge vichache, viponde, utie kiasi cha kunukia. Ukizidisha mpaka maji yabadilike kabisa, hayatahesabika kuwa maji ya kutoharishia.

Jambo linalowatia watu wasiwasi ni kitu kutoka mwilini baada ya kuosha. Kwa mgonjwa wa figo aliyevimba, tegemea. Usianze upya. Safisha mahali pale tu, weka pamba, funga. Mkaushe mwili vizuri kwa taulo, kwa sababu sanda ikilowa inashika mwili na kuonyesha umbo. Nywele zake uzisuke mikia mitatu na kuilaza nyuma. Ndivyo Umm Atiyya alivyosema walimfanyia Zainabu. Na hapo ndipo pako pekee ambapo hakuna mwanamke mwingine atakayekuzidi. Kichwa cha mama yako unakijua.

Sanda ya mwanamke kwetu ni vipande vitano: kikoi cha kiunoni, kanzu isiyoshonwa mikono, ushungi, na shuka mbili za kumviringisha. Mwanamume ni shuka tatu, kwa sababu Bi Aisha amesimulia kwamba Mtume alikafiniwa katika nguo tatu nyeupe za pamba kutoka Yemen, bila kanzu wala kilemba. Hizo zote ni za ukamilifu, maana nguo moja inayositiri mwili mzima inatosha mtu akiwa hana. Nunua bafta nyeupe. Kila shuka ipite urefu wake shibiri mbili juu na mbili chini, ili ifungike. Kwa mama wa kimo cha kawaida, mita kumi na mbili zinatosha vyote na hubaki ya vifuko vya mikono na vitambaa vya kufungia. Zinatandikwa kinyume cha zinavyovaliwa, yaani shuka pana chini kabisa, juu yake ya pili, kisha kanzu, ushungi na kikoi, kila moja ikifukizwa udi. Pamba yenye kafuri inawekwa kwenye matundu ya mwili na zile sehemu zinazogusa chini kwenye sijda: kipaji, pua, viganja, magoti na nyayo. Shuka inakunjwa kutoka kushoto kwake kwanza, kisha ya kulia inafunika juu, na vitambaa vinafunga kichwani, kiunoni na miguuni. Mafundo hayo hufunguliwa kaburini.

Mkishamaliza, ukaoge nawe. Ni suna, na utajisikia vizuri.

Sasa kaka. Hasira yake ni ya mapenzi, ila naomba umsomee sehemu hii mapema, wakati mama yungali hai, si kwa simu saa kumi alfajiri.

Hadithi ya Abu Huraira inasema: liharakisheni jeneza, akiwa mwema, mnampeleka kwenye heri, na akiwa kinyume chake, ni shari mnayoitua shingoni mwenu. Hiyo ndiyo sababu ya dini. Mimi mwoshaji nina ya kwangu pia. Kuna nyumba moja, sitaitaja, walimngoja mtoto wa kiume siku mbili. Hakukuwa na barafu, chumba cha bati, mwezi wa kumi na moja kabla ya mvua. Nilipoweka mkono begani kumgeuza, ngozi ilibanduka na kubaki kwenye kitambaa changu. Hatukuweza kumsugua popote, tukawa tunamiminia maji tu kwa mbali kama unayemwagilia mche. Mtoto alifika, akaomba kumwona baba yake. Sikumruhusu. Alisafiri kilomita zote zile kuja kuona uso, na kungoja kwetu ndiko kulikomnyima huo uso. Kwenye friji ya hospitali mwili hauharibiki haraka hivyo, lakini unatoka umeganda, na kila saa unayoiongeza ni saa ya mama kukaa kwa wageni, jambo analolikataa.

Hilo halimaanishi lazima azikwe saa tatu baada ya kukata roho. Kwanza kifo kithibitike. Aliyefariki ghafla husubiriwa mpaka pasiwe na shaka. Kifo chenye mashaka ya jinai kinasubiri polisi na daktari, na kibali cha mazishi lazima mkipate. Pia wanazuoni wetu wanaruhusu kumsubiri jamaa wa karibu kama haji mbali na mwili hauchelei kuharibika. Basi lipimeni kwa saa. Mwanza hadi hapa kwa basi ni siku nzima. Mama akifariki alfajiri na kaka akapanda basi asubuhi ile ile, ataingia usiku. Mnaweza kumswalia baada ya Isha na kumzika usiku kwa taa. Kuzika usiku kunajuzu, na Sayidina Abubakar mwenyewe alizikwa usiku. Nyakati za kuepuka ni tatu: jua likiwa linachomoza, likiwa utosini, na likiwa linazama. Akifariki jioni, kaka asafiri usiku, mkazike baada ya Adhuhuri. Lakini akisema yuko kazini hadi keshokutwa, hapo mnazika.

Na akikosa, hajakosa yote. Palikuwa na mwanamke akiufagia msikiti wa Mtume pale Madina. Akafa usiku, masahaba wakamzika bila kumwamsha Mtume, wakiona ni jambo dogo. Alipomkosa akauliza, akasema kwa nini hamkuniarifu, nionyesheni kaburi lake. Akaenda akamswalia pale kaburini. Kaka yako akifika kesho yake, ashuke basi, atawadhe, aende makaburini amswalie mama yake takbira nne.

Mjomba umuendee wewe mwenyewe Mvumi, na umuendee kama mjomba, kwa heshima, na zawadi mkononi. Usimpelekee hukumu ya shehe. Kinachomuuma si sanduku, ni kuona dada yake anaondolewa mikononi mwa Wagogo bila wao kumuaga. Mwambie ataitwa wa kwanza, kabla hata ya watu wa Kondoa. Mwambie kabla sanda haijafungwa usoni, yeye na ndugu zake wataingia kumuaga, na akitaka kumbusu kipaji hakuna ubaya. Sayidina Abubakar alimbusu Mtume baada ya kufariki. Vijana wake wachimbe kaburi pamoja na wetu, na jeneza walibebe kwa zamu hadi makaburini. Kuaga kote huko kunawezekana ndani ya saa nne. Mvumi si mbali.

Kuhusu sanduku, mweleze kwamba jeneza la msikiti ni la kubebea tu na hurudi msikitini. Kuzika ndani ya sanduku kwetu kunachukiza isipokuwa kwa haja, kama udongo wa majimaji au mwili ulioharibika. Maiti analazwa mwanandani, ubavu wa kulia, uso umeelekea kibla, ambako kwa Dodoma ni kaskazini, kwa hiyo kichwa kinakuwa mashariki. Mbao zinazibwa juu yake ndipo udongo unashuka, haumwangukii mwilini kama watu wa nje wanavyodhani. Mjomba akitaka kutumia pesa ya sanduku kwa heshima ya dada yake, kuna mahali pazuri zaidi pa kuiweka: madeni yake. Mtume amesema nafsi ya muumini inaning'inia kwa deni lake mpaka lilipwe. Muulizeni mama sasa anadaiwa nini dukani, kwenye kikoba, kwa jirani, na muandike. Deni la 40,000 la kikoba linalofichwa kwa aibu ni zito kuliko sanduku la mninga.

Kaeni siku moja, wewe, kaka kwenye simu, mjomba, na mama mwenyewe akiwa na nguvu, ayaseme kwa mdomo wake: nani amwoshe, azikwe wapi, angojwe nani na kwa saa ngapi. Baada ya hapo hakuna wa kukushutumu, kwa kuwa hutakuwa unatoa amri, utakuwa unatimiza.

Nimesahau jambo la shuka ya kufunikia wakati wa kuosha. Watu hutumia shuka nyeupe kwa kudhani ndiyo ya heshima. Mimi pia nilifanya hivyo mwanzoni, na maji yalipoingia ikamganda mama wa watu na kuonyesha kila kitu, nikatamani ardhi inimeze. Tafuta mbili, nzito, za rangi iliyokoza, moja ya kuoshea na nyingine kavu ya kubadilishia. Kitenge kinafaa. Fungua sanduku lake la nguo ukiwa naye, umwambie ni kwa kazi gani, na umwache achague mwenyewe.

*Bi Mkubwa*